Gauni la Sh2,200 au shati la Sh650: lipi linakulipa zaidi?

Taarifa ya malipo kwenye simu yako inaonyesha pesa iliyoingia. Haionyeshi saa ulizotumia kuipata, na hapo ndipo wengi wetu tunakosea hesabu.

Hebu tumchukue fundi mwenye cherehani moja. Anashona saa 8 kwa siku, siku 6, yaani saa 48 kwa wiki. Wiki hii ana oda za magauni 10 ya kitenge, sketi 15 za shule na mashati 20 ya shule. Zote zikishonwa zitahitaji saa 60. Muda hautoshi, kwa hivyo lazima achague.

Kwanza, toa gharama ya kitambaa, uzi, zipu na vifungo kwenye bei. Kinachobaki tunakiita mchango. Kisha gawanya mchango huo kwa saa za cherehani:

- Gauni: 2,200 − 1,300 = Sh900. Saa 3. Sh300 kwa saa.
- Sketi: 900 − 550 = Sh350. Saa 1. Sh350 kwa saa.
- Shati: 650 − 350 = Sh300. Dakika 45, yaani saa 0.75. Sh400 kwa saa.

Umeona? Gauni linaacha pesa nyingi kwa kila moja, lakini kwa saa ndilo la mwisho.

Sasa tugawe saa 48 tukianza na shati:

- Mashati 20: saa 15, Sh6,000
- Sketi 15: saa 15, Sh5,250
- Saa 18 zilizobaki: magauni 6, Sh5,400

Jumla ya mchango ni Sh16,650. Kodi ya kibanda na stima zikiwa Sh4,000 kwa wiki, faida ni Sh12,650.

Je, angeanza na magauni yote 10, halafu sketi 15, kisha mashati 4 kwa saa 3 za mwisho? Angepata 9,000 + 5,250 + 1,200 = Sh15,450. Ni saa zile zile 48, lakini amepoteza Sh1,200.

Kodi hatukuiweka kwenye kupanga nani wa kwanza, kwa sababu utailipa tu hata ukishona nini.

Magauni 4 yamebaki bila kushonwa. Jirani akikubali kukushonea kwa cherehani yake, usimlipe zaidi ya Sh300 kwa saa. Hiyo ndiyo pesa ambayo saa moja ya ziada ingekuletea. Ukizidisha, unashona kwa hasara.

Pia, kumbuka hesabu hii ni ya wakati kitu kimoja tu ndicho haba. Kama muda unatosha oda zote, shona zote. Na kama kinachopungua ni kitambaa wala si muda, gawanya mchango kwa mita badala ya saa. Mpangilio unaweza kubadilika kabisa.