Jua Haki Zako: Bei ya Kabati na Kodi Zake Mbili

Muulizaji wetu wa Singida mjini, mwenye kampuni ndogo ya samani iliyosajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, kabati moja humgharimu shilingi 240,000, mbao, ujira na pango vikiwamo, naye ataka katika kila shilingi 100 za mauzo abakiwe na 14 zilizo zake halali baada ya serikali kuchukua haki yake.

Aghalabu wafanyabiashara huongeza 14 kwa mia juu ya gharama, wakadhani wamemaliza. Lakini kwa kuwa kampuni hutozwa 30 kwa mia ya faida, mwenye kutaka 14 zibaki hana budi kutafuta 20 kabla ya kodi, yaani 14 kugawa kwa 0.7. Basi gharama ndiyo 80 zilizosalia, nayo 240,000 ikigawanywa kwa 0.8 huzaa bei ya 300,000. Faida ni 60,000, kodi ya mapato 18,000, na mabaki 42,000. Ndipo juu yake iongezwe asilimia 18 ya ongezeko la thamani, 54,000, ambayo ni amana tu mkononi mwake, na mnunuzi alipe 354,000.

Hapa sheria ya kodi hiyo ya mwaka 2014 yamlinda mnunuzi: bei mliyokubaliana huhesabiwa kuwa kodi imo ndani yake. Fundi aliyetamka 300,000 kisha akadai nyongeza mlangoni hana hoja. Bei hiyo itagawanywa kwa 1.18, na baada ya kodi ya mapato atabakiwa na takriban 10,000 tu. Ama muuzaji asiyesajiliwa hana ruhusa kabisa ya kutoza kodi hiyo, na kusajiliwa humlazimu yule ambaye mauzo yake kwa mwaka yafikia shilingi milioni 200.

Kinachoharibu hesabu hii zaidi, kwa maoni yangu, ni stakabadhi. Ikiwa 40,000 katika gharama zililipwa bila risiti ya mashine, na mkaguzi akazikataa, kodi itatozwa juu ya 100,000 badala ya 60,000. Zitatoka 30,000, na ile 14 itashuka kuwa 10. Tena kodi ya ongezeko la thamani aliyolipa kwenye misumari na vanishi bila risiti hiyo haitarejeshwa wala kupunguzwa, hivyo nayo yageuka gharama.

Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka aweza kutozwa kwa kufuata mauzo yenyewe, wala si faida. Huyo asigawe kwa 0.7, bali aweke kodi hiyo miongoni mwa gharama zake.

Na ukiletewa makadirio usiyoyaridhia, una siku 30 tangu kuyapokea kumwandikia Kamishna Mkuu pingamizi lenye sababu zake, ukilipa theluthi ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichokibisha, kilicho kikubwa kati ya viwili hivyo. Na ukishindwa kulipa, waweza kumwomba kwa maandishi akupunguzie amana hiyo au akusamehe.