Mapunye na Dawa Isiyofika Shinani

SWALI: Mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka saba, ameota kichwani mabaka ya mviringo yenye magamba meupe, na nywele za mahali hapo zimekatika. Lilianza baka moja karibu na kisogo, na sasa yamekuwa manne. Nimempaka krimu ya klotrimazoli muda wa miezi miwili; nikipaka hupoa, nikiacha hurudi. Jirani amenishauri nitumie kitunguu saumu na mafuta ya taa, na mwalimu naye amemrudisha nyumbani asije akawaambukiza wenziwe. Nifanyeje? Mama wa watoto watatu, Tanga.

JIBU: Kwa jinsi ulivyoyaeleza mabaka hayo, kwa mviringo wake na magamba yake na nywele zake zilizokatika, nina dhana kubwa kwamba mwanao ameshikwa na mapunye, ambayo jirani zetu wa Kenya huyaita mashilingi, nayo ni maradhi yaletwayo na kuvu wa jamii moja na wale waletao choa cha mwilini. Hata hivyo, kabla hujakwenda kwa tabibu, mtoe mtoto nje penye mwanga wa jua, ulitazame baka moja kwa makini. La mapunye aghalabu huwa na unga wa magamba, na ndani yake utaona vishina vifupi vya nywele, ama vya kijivu vilivyokatika milimita chache juu ya ngozi, ama vidoa vyeusi vilivyokatikia usawa wa ngozi yenyewe. Tena ukipapasa nyuma ya shingo huenda ukakuta tezi zimevimba. Lakini ukiliona baka ni laini, halina gamba wala kishina, basi yamkini ni maradhi mengine kabisa, ambayo ndani yake mwili huzidhuru nywele zake wenyewe, na dawa yoyote ya kuvu haitamfaa kitu.

Sasa nije kwenye jambo lililokutaabisha miezi miwili, maana hukukosea kuichagua krimu hiyo kwa kuwa ni dawa mbaya, la, ni dawa nzuri ya kuvu, ila haifiki anakokaa adui. Kuvu wa mapunye hula keratini, yaani ile dutu ngumu ambayo kwayo Mwenyezi Mungu ameumba kucha, nywele na lile tabaka la juu kabisa la ngozi lililokwisha kufa. Kwenye mkono au tumbo, chakula chake kiko juu, na krimu ikipakwa hukikuta hapohapo. Ndiyo maana choa cha mwilini hupona kwa kupakwa wiki chache. Kichwani mambo ni mbali na hayo, kwa kuwa kuvu huanza juu ya ngozi, kisha huuona unywele, akaingia nao ndani ya tundu lake, akashuka milimita kadhaa chini mpaka karibu na pale unywele unapoumbwa. Hapo husimama, kwa sababu hawezi kuishi katika chembe zilizo hai, naye hubakia mpakani, akikua kuelekea chini kwa mwendo uleule ambao unywele unakua kuelekea juu, kama mtumbwi upigwao makasia kinyume cha mkondo, usirudi nyuma wala usisonge mbele. Baadhi yao hujaza mbegu zao ndani ya unywele wenyewe, na wengine huuzingira kwa nje. Kwa vyovyote unywele hudhoofika, ukakatika.

Krimu uipakayo haishuki kwa kadiri ya kutosha katika tundu hilo, wala haipenyi ndani ya unywele ikawafikia waliomo. Huwaua walio juu, ikayalainisha magamba, mwasho ukatulia, na mzazi akadhani amefaulu; kumbe chini shinani hazina yao haijaguswa, na kila unywele upandao huja na mbegu mpya na kuzimwaga juu ya ngozi. Ndio huo mchezo wa kupoa na kurudi uliouona, na hata ungepaka mwaka mzima usingeona matokeo mengine.

Hapa niongeze neno juu ya zile krimu zilizochanganywa dawa tatu katika mrija mmoja, ya kuvu, ya bakteria na ya steroidi kama betamethazoni, ambazo huuzwa dukani kwa wepesi ajabu. Steroidi hutuliza wekundu na mwasho siku hiyohiyo, kwa hiyo hupendwa. Lakini hutuliza kwa kuzinyamazisha kinga za ngozi, na kuvu akiachiwa uwanja huenea, huku sura ya maradhi ikibadilika hata tabibu mwenyewe akashindwa kuyatambua. Hizo usimpake.

Kwamba dawa za kupaka hazitoshi si uvumbuzi wa leo. Matabibu wa zamani walilijua, na kwa kukosa dawa ya kunywa walitafuta njia ya kuziondoa nywele zenyewe pamoja na kuvu aliyemo. Tangu 1904, kwa njia iliyoanzishwa Paris na tabibu Sabouraud, watoto wenye mapunye walichomwa kwa miale ya eksirei mpaka nywele zote zikapukutika, na jambo hilo likaendelea miaka mingi katika nchi kadhaa. Katika Israeli, baada ya 1948, maelfu ya watoto wa wahamiaji walitibiwa hivyo, na walipokuwa watu wazima walionekana kupatwa kupita kiasi na uvimbe wa ubongo na saratani ya tezi ya shingo. Dawa ya griseofulvini, iliyopatikana mwaka 1939 katika ukungu wa jamii moja na ule utoao penisilini, ilikaa karibu miaka ishirini bila ya mtu kuipa mgonjwa, mpaka 1958 ilipoonyeshwa huko Glasgow kwamba ikinywewa huwaponya simbilisi choa chao. Tangu hapo miale ile ikaanza kuachwa.

Na siri ya griseofulvini ni kwamba yaja kutoka upande wa pili. Mtoto huimeza, damu huichukua mpaka kwenye shina, nayo huingia katika keratini mpya wakati unywele unapoumbwa, hata unywele ukatokea ukiwa na kinga ndani yake, na kuvu asipate pa kushukia. Sehemu ya zamani iliyokwisha kuambukizwa husukumwa juu pole pole, kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, mpaka ikakatwa au kunyolewa. Ukilifahamu hilo utafahamu kwa nini matibabu huchukua wiki sita hadi nane, na mara nyingine zaidi: twangoja unywele ukue, na unywele hauna haraka.

Tuchukue mfano wa mwanao. Mtoto wa miaka saba aghalabu hukaribia kilo 20, ingawa wako lazima apimwe. Kipimo ambacho matabibu wengi hukitumia ni miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo kwa siku, na kwa mapunye wengi hukaa karibu na ile 20. Kwa hiyo vidonge vitatu vya miligramu 125, ambavyo jumla yake ni miligramu 375, vyatosha kwa siku. Kwa wiki nane, yaani siku 56, hesabu yafikia vidonge 168. Nayataja haya ili ukipewa vidonge 30 ujue mapema kwamba ni vya siku kumi tu, nawe uulize vingine utavipata lini. Kwani mtoto aliyekunywa dawa siku kumi na kuacha hana tofauti kubwa na yule aliyepakwa krimu. Anywe mara baada ya chakula chenye mafuta, kama wali wa nazi au maziwa yasiyoondolewa mafuta, kwa sababu bila mafuta sehemu kubwa ya dawa hupita tumboni bila kuingia mwilini. Huenda kichwa kikamuuma au tumbo likamsumbua siku za mwanzo. Ikiwa aliwahi kuugua ini, mwambie tabibu kabla ya yote.

Tabibu aweza pia kuchagua terbinafini, ambayo kwa mtoto wa kilo 20 hadi 40 ni miligramu 125 kwa siku, kwa muda wa wiki nne hivi, nayo huwafaa zaidi wale kuvu wakaao ndani ya unywele, hali griseofulvini huwashinda vizuri wale wa nje, wakiwamo watokao kwa paka na mbwa. Vidonge vya ketokonazoli usivikubali. Mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Ulaya walishauri visiuzwe tena kwa sababu ya madhara ya ini. Kabla ya kuanza dawa yoyote, magamba na vishina hukwanguliwa kidogo, vikatiwa tone la potasi na kutazamwa kwa hadubini, na jibu hupatikana siku hiyohiyo pale penye maabara. Pasipokuwa na maabara na dalili zikawa wazi, dawa haingoji.

Dawa ya kupaka haikosi kazi kabisa, ila kazi yake ni nyingine. Shampuu ya ketokonazoli, ikiachwa kichwani dakika tano kisha ikasuuzwa, mara mbili kwa wiki, huziua mbegu zilizo juu na kupunguza maambukizo. Na hiyo waoshe watoto wako wote watatu, kwani ndugu aweza kuzibeba mbegu bila ya kuwa na baka hata moja. Watazame nao juani. Kitana, kofia na foronya kila mtu awe na vyake, na kinyozi umsihi asafishe mashine yake nywele zote zitoke, kisha aitie spiriti au jiki iliyozimuliwa, maana kinyozi apitishaye mashine moja katika vichwa ishirini vya watoto Jumamosi moja aweza kuyaeneza maradhi haya mtaani.

Ama kitunguu saumu na mafuta ya taa, nakuomba jirani umshukuru na usimtii. Vyote viwili huchoma ngozi, na ngozi iliyochomeka kwa kina huacha kovu ambalo nywele hazioti tena, ilhali mapunye ya kawaida yakitibiwa nywele hurudi zote. Hatari hiyo ya kovu iko pia pale baka linapovimba likawa kama jipu bichi lenye usaha: ukiliona hivyo, mpeleke hospitali siku hiyo, lakini mtu asilipasue, kwa kuwa si jipu bali ni mwili unaopigana na kuvu, na tiba yake ni vidonge vilevile.

Kuhusu shule, mtoto aliyeanza vidonge na shampuu hana sababu ya kukaa nyumbani. Mwombe tabibu akuandikie mwalimu barua. Na ikiwa katika siku za mwanzo za dawa utamwona ameota vipele vidogo vidogo vinavyowasha mgongoni na masikioni, usivitupe vidonge ukidhani vimemdhuru, kwani mara nyingi ni mwili unaitikia kufa kwa kuvu, navyo huondoka. Mwonyeshe tabibu, naye akimkuta hana homa wala uvimbe wa uso, atakuambia uendelee. Mrudishe akaangaliwe baada ya wiki nne na tena baada ya nane, na magamba yakiwa bado yapo, vidonge vinaendelea.