Asubuhi inaliwa na vikao

Swali: Mimi ni mtendaji wa kijiji huku Kisaka, Serengeti. Mkutano mkuu wa kijiji unakaribia, na taarifa ya mapato na matumizi haiishi kwa sababu ya vikao vya asubuhi. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu mtendaji, usijaribu kulinda wiki nzima. Tenga Jumanne na Alhamisi, saa 1:30 hadi 3:30, na ubandike mlangoni kwamba barua na mashauri ni baada ya hapo. Vikao unavyoitisha mwenyewe vipeleke saa 8 mchana. Wilaya ikikuita, hamishia kipindi hicho Ijumaa kabla hujatoka ofisini. Jumanne linganisha stakabadhi na daftari la fedha tu, Alhamisi andika. Ukijikuta unajumlisha ukurasa uleule upya, bado unakatizwa.