Tangazo la kuzibua bomba la hewa la choo

Lupango letu hapa Wamaza lina milango sita na choo kimoja, kile chenye bomba la hewa lililopanda mpaka juu ya bati. Mwezi mzima kilinuka, na kila mtu alisema mwenzake hasafishi. Mimi ni mwandishi wa kamati, nikabandika karatasi: "Bomba limeziba. Kila mlango utoe franka 3,000." Asubuhi nikaikuta imechanwa.

Sikuwalaumu. Nani atoe pesa kwa bomba ambalo hajaliona limeziba?

Mara ya pili nilianza kwa kuwaonyesha. Niliwasha dawa ya mbu ile ya kuzunguka, nikapuliza mwali ukazimika (usipeleke moto tunduni, gesi ya shimo hushika), nikaishika juu ya tundu majirani wakitazama. Bomba likiwa zima, upepo unaopita juu yake huvuta hewa, na moshi hushuka shimoni. Wetu ulitupanda usoni. "Basi, baba, tumeona," akasema mama wa mlango wa tatu, akikohoa.

Tukagundua na jingine: kumbe mtu alikuwa akifunika tundu kwa ubao ili kuzuia harufu. Hewa ikikosa pa kuingilia, bomba litavuta nini? Choo cha namna hii, kilichobuniwa Zimbabwe miaka ya 1970, tundu huachwa wazi na chumba huwa na giza, ili nzi wa shimoni wafuate mwanga wa bomba, wanaswe na wavu wa juu. Hufia hapohapo. Mizoga yao, vumbi na utando wa buibui ndivyo huliziba bomba.

Tangazo jipya likasomeka hivi:

"Wavu wa chuma 7,000. Waya wa kufungia 1,000. Kijana wa kupanda 10,000. Jumla 18,000, kila mlango 3,000. Ngazi tutaazima, maji tutachota wenyewe. Pesa kabla ya Alhamisi, kazi Jumamosi, wote mje kuona."

Mzee anayeishi peke yake aliuliza kwa nini alipe sawa na nyumba ya watu tisa. Swali la haki. Lakini buibui hahesabu watu. Shimo ndilo hujazwa na watu. Tukapatana: bomba tulipe kwa mlango, siku ya kuchimba shimo jipya tulipe kwa vichwa.

Jumamosi kijana aliegemeza ngazi ukutani, si kwenye bomba, akang'oa wavu wa zamani kwanza, ndipo akamimina ndoo mbili za maji kutoka juu. Utando mweusi ulishuka kama kitambaa. Mmoja alitaka tufunge kipande cha chandarua tubakize 7,000. Jua lingekiozesha upesi, na nzi wote wakapata mlango.

Jioni nikarudi na dawa yangu ya mbu. Moshi ukainama, ukaingia tunduni. Kwa 3,000 zake, mlango wa tano bado ananidai subira.