Homa ya Mafua kwa Mwenye Selimundu au Ugonjwa Sugu wa Mapafu: Kwa Nini Asisubiri Siku ya Tatu

Homa ya mafua husababishwa na virusi vya influenza. Kwa mtu mwenye afya, homa, kikohozi na maumivu ya mwili hupungua ndani ya wiki moja hivi, hata bila dawa maalumu. Kwa mgonjwa wa selimundu, au mwenye pumu na magonjwa mengine sugu ya mapafu, virusi hivyo hivyo hukuta mwili usio na akiba ya kuvumilia.

Mfano ufuatao unaeleza jambo hilo. Mtoto wa miaka 8 mwenye selimundu, uzito wa kilo 24, alianza kukohoa Ijumaa jioni pamoja na kaka zake wawili. Joto lake lilikuwa nyuzi 38.7. Mama aliwapa wote parasetamoli, na homa ikashuka. Jumamosi mtoto alicheza kidogo. Kaka zake walikuwa wakipata nafuu. Jumapili usiku alilalamika maumivu ya mgongo na mbavu, akawa anapumua juu juu. Alipofikishwa hospitalini Jumatatu, oksijeni katika damu yake ilikuwa asilimia 87, na picha ya eksirei ilionyesha kivuli sehemu ya chini ya pafu la kulia.

Kilichotokea kina mfuatano unaoeleweka. Virusi huvimbisha njia za hewa, na oksijeni inayoingia katika damu hupungua. Himoglobini ya selimundu inapokosa oksijeni hushikamana, na seli nyekundu hupinda na kuwa ngumu. Seli hizo huziba mishipa midogo ya mapafu, na sehemu iliyozibwa hushindwa kuingiza oksijeni. Hivyo seli nyingine zaidi hupinda. Aidha, maumivu ya mbavu humfanya mtoto asivute pumzi ndefu, na sehemu za chini za mapafu husinyaa. Madaktari huiita hali hii shambulio kali la kifua, nayo ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wagonjwa wa selimundu. Eksirei ya siku ya kwanza yaweza kuwa safi kabisa, na kivuli kikaonekana siku moja hadi tatu baadaye.

Sababu ya pili ya kuwahi ni bandama. Kwa watoto wengi wenye selimundu, kiungo hiki huacha kufanya kazi mapema, na bakteria wa nimonia waweza kuenea katika damu kwa saa chache. Kwa kumtazama tu, hakuna awezaye kutofautisha homa ya virusi na homa ya bakteria hao. Kwa hiyo joto la nyuzi 38.5 au zaidi ni dharura ya siku hiyo hiyo, hata kama parasetamoli imelishusha. Kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, malaria itibiwe, lakini kifua kichunguzwe vilevile.

Laiti mtoto yule angefika Ijumaa usiku, angepimwa oksijeni, kasi ya kupumua na wingi wa damu, kisha angeanzishiwa antibayotiki bila kungoja majibu. Pale inapopatikana, angepewa pia oseltamiviri, ambayo kwa uzito wake ni miligramu 60 mara mbili kwa siku, kwa siku 5. Dawa hii hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Aliyechelewa na kuzidiwa asinyimwe, ila faida yake huwa imepungua. Maji ya mishipa yatolewe kwa kiasi, kwani yakizidi hujaza mapafu. Mtoto mwenye mafua asipewe aspirini, kwa kuwa yaweza kudhuru ini na ubongo.

Kwa mwenye pumu au mapafu yaliyoharibiwa na moshi au kifua kikuu cha zamani, hatari hujitambulisha kwa njia nyingine. Njia zake za hewa tayari ni nyembamba. Uvimbe mdogo tu huzifunga, na homa yaweza isiwe kubwa. Aangalie pumzi kuliko kipimajoto. Akihitaji dawa ya kuvuta ya kutuliza pumu kabla saa 4 hazijapita, akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au makohozi yakiongezeka na kugeuka rangi, aende kituoni wakati huo huo. Dawa ya kuvuta ya kila siku isiachwe kwa sababu ya mafua.

Mhudumu wa afya naye azingatie tofauti moja. Mgonjwa wa selimundu huongezewa oksijeni ili ifikie angalau asilimia 95. Mtu mzima mwenye mapafu yaliyoziba kwa miaka mingi hulengwa kati ya asilimia 88 na 92, kwani oksijeni ikizidi yaweza kumlimbikizia hewa chafu mwilini. Kwa hiyo mgonjwa afikapo mapokezi, ataje kwanza ugonjwa wake wa kudumu, kisha mafua.