Jinsi ya Kuandika Pango la Ghala Lenye Miezi ya Bure

Ndugu Wanachama,

Wengi wetu siku hizi hatulimi karafuu peke yake. Wako wenzetu waliovuka bahari wakafungua mashamba ya mananasi upande wa Kiwangwa na Fukayosi, katika barabara itokayo Bagamoyo kwenda Msata. Huko wanahitaji ghala la kuwekea mbolea, majembe na matenga, na mwenye ghala mara nyingi humvuta mpangaji kwa kumwambia, "Ingia, miezi ya mwanzo sitaki kitu." Neno hili ni tamu, lakini limewatia wengi katika hesabu mbovu, na sisi tunaoshika kalamu ya chama tumo katika hao. Kwa hiyo somo letu la leo ni hili: miezi hiyo ya bure huandikwaje katika daftari?

Na tuanze na kosa letu wenyewe. Kikundi cha wanachama kumi na wawili kilipanga ghala Fukayosi kwa miaka mitatu, tangu 1 Julai 2022 mpaka 30 Juni 2025. Pango lilikuwa shilingi 180,000 kwa mwezi, na miezi sita ya kwanza ilikuwa bure. Tulipofunga hesabu ya mwisho wa Desemba 2022 hatukuandika pango lolote, maana hapakuwa na fedha iliyotoka. Daftari likaonyesha ziada ya shilingi 1,200,000. Watu wakafurahi, wakagawana, kila mmoja shilingi 100,000. Baada ya mgao wanachama watatu wakajitoa katika kikundi, wakaenda zao kwa amani.

Januari 2023 pango la shilingi 180,000 likaanza kulipwa kila mwezi, na waliobaki ni tisa. Mkaguzi alipokuja kutazama vitabu alituuliza swali moja tu: "Julai mpaka Desemba mlikuwa mkitumia ghala la nani?" Tukamjibu kwamba ghala ni hilo hilo. Akasema, "Basi na gharama yake mmeiweka wapi?" Hatukuwa na jibu.

Sasa tutazame maana ya swali lile. Mwenye ghala hakutoa sadaka. Alipokubali miezi sita ya bure alijua kwamba mpangaji amejifunga kwa miezi thelathini na sita, na pango la miezi thelathini litakayolipwa ndilo bei ya kulitumia ghala kwa muda wote. Paa la ghala lilizuia mvua mwezi wa Agosti 2022 sawasawa na lilivyozuia mwezi wa Agosti 2024. Ikiwa manufaa ni sawa kila mwezi, gharama nayo yapasa kuwa sawa kila mwezi, ijapokuwa fedha inatoka kwa namna nyingine. Hiyo ndiyo kanuni yote, na yaliyobaki ni hesabu za kugawanya.

Chukueni karatasi mfanye pamoja nasi. Kwanza, jumlisheni fedha yote itakayolipwa katika mkataba. Miezi ya kulipa ni 30, na kila mwezi ni shilingi 180,000, kwa hiyo jumla ni shilingi 5,400,000. Pili, hesabuni miezi yote ambayo ghala liko mikononi mwenu, na ya bure ikiwa ndani yake. Hiyo ni 36. Tatu, gawanyeni 5,400,000 kwa 36. Mtapata shilingi 150,000. Hiyo ndiyo gharama ya pango ya kila mwezi, tangu mwezi wa kwanza hata wa mwisho.

Katika leja fungueni hesabu mbili. Moja iiteni Gharama ya Pango, na ya pili iiteni Pango la Kulipwa Baadaye. Hii ya pili ni ya upande wa madeni katika mizania. Katika kila mwezi wa bure andikeni hivi: debiti Gharama ya Pango 150,000, krediti Pango la Kulipwa Baadaye 150,000. Hakuna taslimu inayoguswa. Baada ya miezi sita deni hilo litakuwa limefika shilingi 900,000.

Miezi ya kulipa ikianza, maandishi hubadilika kidogo. Fedha inayotoka ni 180,000, lakini gharama ya mwezi ni 150,000 ile ile. Shilingi 30,000 iliyozidi inapunguza deni. Basi mtaandika: debiti Gharama ya Pango 150,000, debiti Pango la Kulipwa Baadaye 30,000, krediti Taslimu 180,000. Mwendo wa miaka yote utakuwa hivi:

Mwaka 2022 (miezi 6): gharama 900,000, fedha iliyolipwa, hakuna, deni mwisho wa mwaka 900,000.

Mwaka 2023 (miezi 12): gharama 1,800,000, fedha iliyolipwa 2,160,000, deni 540,000.

Mwaka 2024 (miezi 12): gharama 1,800,000, fedha iliyolipwa 2,160,000, deni 180,000.

Mwaka 2025 (miezi 6): gharama 900,000, fedha iliyolipwa 1,080,000, deni, hakuna.

Tazameni mstari wa mwisho. Siku mkataba unapokwisha, deni limekwisha lenyewe bila kubaki hata senti. Hiyo ndiyo njia ya kujua kama mmefanya sawa. Likibaki chochote, au likipita likawa upande wa pili, rudini nyuma mtafute kosa.

Tulipoyaeleza haya mkutanoni, mzee mmoja alisimama akasema, "Bwana Katibu, mimi nimeuza karafuu maisha yangu yote. Fedha isiyotoka mfukoni si matumizi. Mnatuandikia deni ambalo mwenye ghala mwenyewe hatudai." Tukamjibu, "Kweli, mzee wetu, mwezi wa Desemba 2022 mwenye ghala hakuwa na haki ya kuja kutudai shilingi 900,000. Lakini tulikuwa tumekwisha kulitumia ghala lake miezi sita, na bei ya matumizi hayo tumeiahidi ndani ya pango la miezi inayokuja. Daftari halisemi kwamba tunadaiwa leo. Linasema kwamba ziada hii si yetu yote." Mzee akafikiri kidogo, akauliza, "Basi ziada ya kweli ilikuwa kiasi gani?"

Hesabu yake ni hii. Toeni 900,000 katika 1,200,000, inabaki 300,000. Kwa watu kumi na wawili ni shilingi 25,000 kila mtu, wala si 100,000. Kila mmoja alipokea shilingi 75,000 zaidi ya haki yake. Wale tisa waliobaki walirudisha kwa kukatwa katika mgao wa mwaka uliofuata. Lakini wale watatu waliojitoa walikuwa wamekwenda na shilingi 225,000, na hawakuvunja sharti lolote, maana daftari letu wenyewe ndilo lililowapa. Mzigo huo ukawaangukia waliobaki, shilingi 25,000 kila mmoja juu ya kile walichorudisha. Ndiyo maana twasema jambo hili si la wahasibu peke yao. Katika kikundi chenye kuingia na kutoka, pango lisilogawanywa sawa humlipa anayetoka kwa fedha ya anayebaki.

Kusahihisha, tulipunguza akiba ya ziada ya mwaka 2022 kwa shilingi 900,000 na kuandika deni la kiasi hicho hicho, kisha hesabu za mwaka 2022 tukazionyesha upya kando ya zile za 2023. Hatukuitia 900,000 yote katika gharama za 2023, maana hapo tungalikuwa tumeutwisha mwaka mmoja mzigo wa mwaka mwingine, ambalo ni kosa lile lile kwa sura nyingine.

Yako makosa matatu ambayo tumeyaona katika vitabu vya wengine. La kwanza ni kugawanya jumla kwa miezi ya kulipa tu. Mtu hugawanya 5,400,000 kwa 30, akapata 180,000 ile ile, akadhani amemaliza kazi. Miezi ya bure lazima iingie katika kigawanyo.

La pili ni kuanza kuhesabu siku ya malipo ya kwanza, au siku mzigo wa kwanza ulipoingizwa ghalani. Hesabu huanza siku mlipopewa haki ya kulitumia. Mkikabidhiwa ufunguo 1 Julai mkakaa mpaka Agosti ghala likiwa tupu, Julai nayo ina gharama yake.

La tatu ni kuondoka kabla ya muda na kuliacha deni likiwa limelala katika leja. Hapo someni mkataba kwanza. Mikataba mingine husema anayetoka mapema atalipa miezi ya bure aliyokaa. Basi mwandike kile mnachotakiwa kulipa. Kama mmeachana bila kudaiana kitu, deni lililobaki hufutwa na kuingizwa katika mapato ya mwaka huo, maana halitalipwa tena.

Mtu atauliza, je, mwaka wa mavuno makubwa tusiandike pango kubwa, na mwaka wa mavuno haba tuandike dogo? Sivyo. Mavuno hupanda na kushuka, lakini ghala ni lile lile. Gharama hufuata jinsi kitu kinavyotumika, si jinsi faida ilivyopatikana. Endapo mmepanga kitu ambacho matumizi yake kwa kweli hayalingani miezi yote, hapo mnaweza kufuata mpango mwingine unaoonyesha matumizi hayo.

Mwisho, yafaa mjue mipaka ya kanuni hii. Kiwango cha kimataifa cha hesabu kwa shughuli ndogo na za kati, katika sehemu yake ya 20, bado kinamtaka mpangaji wa kawaida agawanye pango sawa kama tulivyoonyesha. Lakini makampuni yanayofuata viwango kamili yalibadilishiwa njia kwa kiwango namba 16, kilichoanza kutumika 1 Januari 2019. Kwao mpangaji huandika haki ya kutumia ghala kama mali, na thamani ya sasa ya malipo yajayo kama deni, tangu siku ya kwanza. Hata hivyo wamepewa ruhusa kuendelea na mgawanyo sawa kwa mikataba isiyozidi miezi 12 na kwa vitu vya thamani ndogo. Mwenye ghala naye, katika upangaji wa kawaida, anaendelea kugawanya: yule mzee wa Fukayosi, kama angeshika vitabu, angeandika mapato ya 150,000 kila mwezi, hata katika miezi ambayo hakupokea kitu.

Wanachama wenye mkataba wa namna hii na wafungue sasa ukurasa wa mwanzo wa mkataba wao, watazame tarehe ya kukabidhiwa na miezi ya bure. Tukijaaliwa, mkutano mkuu ujao tutakuja na leja ya kikundi kile cha Fukayosi ili kila mtu aione kwa macho yake.

Wasalaam,
Katibu wa Chama