Bei Ikitoboa Sakafu, Usikimbilie Kuuza

Leo nawapa somo lililonila hela ya mzigo wa duka.

Mei 2021 bitikoini ilianguka, kisha ikakwama. Ikawa inapanda mpaka kama dola 40,000, inashuka mpaka kama 30,000, inarudi tena. Hiyo 30,000 ndiyo sakafu. Mimi nilinunua ikiwa 34,000, kwa hela ya kuagizia makava ya simu. Tarehe 22 Juni bei ikatoboa sakafu, ikafika karibu 28,800. Nikaogopa, nikauza. Siku hiyohiyo ikafunga juu ya 32,000!

Sasa nani alinunua? Chukulia tajiri anayejaza ghala la mahindi. Akinunua yote siku moja, bei inapaa na anajiumiza mwenyewe. Kwa hiyo anaokota kidogokidogo wiki nyingi, bei ikizunguka palepale. Huko ndiko kukusanya. Ila anahitaji wauzaji wengi kwa mpigo, na wapo: chini kidogo ya sakafu ndipo sisi wadogo tunaweka stop losi, yaani oda inayouza yenyewe bei ikifika hapo. Sakafu ikitoboka, oda zote zinauzwa pamoja, yeye anapokea. Wauzaji wakiisha, bei inaruka kurudi ndani. Hiyo inaitwa springi.

Juu kuna mtego wa aina hiyohiyo, wakati wakubwa wanamwaga mzigo. Aprili 2021 bei iliishia karibu 64,800. Baadaye ikapita hapo, na tarehe 10 Novemba ikagusa kama 69,000, watu wakaingia kwa pupa, ikashindwa kukaa. Januari 2022 ikaonekana chini ya 35,000. Huo mtego wa juu unaitwa aptrasti.

Lakini si kila kutoboka ni springi. Novemba 2018 sakafu ya 6,000 ilivunjika kweli, na Desemba bei ikafika karibu 3,200. Aliyesema "itarudi tu" alipoteza karibu nusu.

Utajuaje? Usiamue mshumaa wa siku ukiwa haujafunga. Kwenye chati nyingi kwetu unafunga saa 9 usiku. Na mshumaa mmoja hautoshi. Tarehe 20 Julai 2021 ulifunga kidogo chini ya 30,000, kesho yake bei ikarudi ndani, na kabla mwezi haujaisha ikavuka 40,000. Mimi naipa siku mbili tatu. Ikirudi ndani, kisha ikashuka tena kuigusa sakafu huku mauzo yakiwa madogo, naingia, na stop losi naweka chini ya pale ilipotoboa. Ikipanda kutoka chini, ikagonga sakafu ya zamani na kukataliwa, hiyo imevunjika, naachana nayo.

Na hela ya mzigo siku hizi siigusi. Ukiwa na presha ya kulipa oda za wateja, huwezi kusubiri hizo siku tatu. Mimi sikuweza.